Hotuba ya kufungua shindano la tahajia shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wazazi na wageni walioombwa "waseme machache" kabla ya shindano la tahajia kuanza. Majibu yanahusu shindano la Kiswahili, na hotuba yenye kazi mbili: kusifu uteuzi makini wa maneno na kusifu mazoezi ya subira. Mfano kamili wa hotuba uko katikati ya ukurasa.

## Mambo ya msingi

Hotuba hii namwandikia nani?

Unawaandikia washindani. Wazazi watasikiliza, walimu watasikiliza, mgeni wa heshima atatikisa kichwa, lakini watu wanaohitaji maneno yako ni wale watoto waliokaa safu ya mbele wakiwa na namba kifuani. Nusu yao wanarudia maneno kimoyomoyo wakati wewe unazungumza. Ukiwasemea wazazi juu ya vichwa vya watoto, watoto huendelea kurudia maneno yao na wasiwasi unazidi. Ukiwasemea wao, kwa sentensi fupi na jambo wanaloweza kulifanya palepale, vichwa vinainuka.

Ndiyo maana napendelea hotuba iandikwe na mtu aliyewahi kukaa na mtoto mmoja akifanya mazoezi, hata kama ni kwa jioni moja tu. Atakuwa na jambo la kusema ambalo ameliona kwa macho yake.

Iwe ndefu kiasi gani?

Dakika tatu, zisizidi nne. Kwangu mimi maneno 300 hadi 350 yanatosha kwa muda huo, nikisoma polepole na kusimama panapostahili. Usikadirie kwa kulinganisha na hotuba za lugha nyingine: neno moja la Kiswahili kama "nitakapowaandikia" limebeba mtenda, wakati, mtendewa na tendo, kwa hiyo maneno machache hujaza muda mwingi. Soma kwa sauti ukiwa umeshika saa. Kusoma kimya kunadanganya.

Nieleze na kanuni za shindano?

Hapana. Kanuni ni kazi ya msomaji wa maneno au jaji mkuu. Mshindani akisikia kanuni mara mbili, kwa maneno tofauti, atabaki akijiuliza ipi ni sahihi: je, naruhusiwa kuanza upya nikikosea herufi, au hairuhusiwi? Mwachie mwenye kazi hiyo, kisha malizia hotuba yako kwa kumkaribisha.

## Kusifu uteuzi wa maneno

Kiswahili si kinaandikwa kama kinavyotamkwa? Kuna nini cha kusifu?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na lina haki ya kujibiwa vizuri, kwa sababu jibu lake ndilo moyo wa hotuba yenyewe.

Ni kweli kwamba herufi za Kiswahili zina utaratibu. Sauti *a* ni ileile popote, na hakuna herufi iliyokaa kimya. Lakini ule utaratibu unamsaidia mtu anayelitamka neno sawasawa na kulisikia sawasawa. Hapo ndipo pana kazi. Wapo wasemaji wengi ambao kwao *dh* hutoka kama *z* na *th* hutoka kama *s*, kwa sababu lugha ya kwanza waliyoizoea haina sauti hizo. Wapo ambao *l* na *r* hubadilishana, kiasi kwamba *karamu*, ile ya kula na kunywa, na *kalamu*, ile ya kuandikia, zinafanana sikioni mwao. Wapo wanaoandika *kua* wakikusudia *kuwa*, kwa kuwa katika mazungumzo ya haraka ile *w* haisikiki; na *kua* ni neno jingine kabisa, la mtoto au mti kuongezeka kimo. Kuna irabu zinazorudiwa: *kata* ni kutenga kwa kisu, *kataa* ni kutokubali. Kuna ritifaa, ile alama ndogo inayotenganisha *ng'oa* na *ngoa*, yaani kutoa kitu kilichoshika ardhini, na wivu au tamaa.

Kwa hiyo mshindani hawezi kutegemea sikio peke yake. Lazima ajue ni neno gani linalokusudiwa, maana yake ni ipi, na ndipo herufi zifuate. Akiuliza msomaji, "Naomba neno katika sentensi," hatafuti muda wa kupumua. Anachagua kati ya maneno mawili yanayofanana. Hicho ndicho cha kusifu: kwamba tahajia sahihi huanza na uteuzi wa neno. Sema hivyo kwenye hotuba na utakuwa umewapa washindani silaha, si pongezi tu.

Nichague mfano gani wa kuonyesha jambo hilo?

Chagua jozi moja. Neno refu na gumu huwavutia wageni, lakini haliwafundishi watoto kitu. Hushangaa na kusahau. Jozi ya maneno yanayokaribiana huonyesha kwa sekunde chache kwamba herufi moja imebeba maana.

Jozi ninayoirudia tena na tena ni *thamini* na *dhamini*. Kuthamini ni kuona kwamba kitu kina thamani. Kudhamini ni kuweka dhamana, kusimama nyuma ya mtu au jambo. Maneno yote mawili yanafaa siku hiyo, kwa kuwa shule inathamini juhudi za watoto, na pengine yupo aliyelidhamini shindano kwa kutoa madaftari au zawadi. Nimewahi kuona ubao mkubwa ukumbini umeandikwa "Tunawashukuru wathamini wetu". Mthamini ni mtu anayekadiria bei ya mali. Waliokusudiwa walikuwa wadhamini.

Uzuri mwingine wa jozi hii ni kwamba inahisika mwilini. Ulimi unakaa mahali palepale kwa sauti zote mbili, ncha yake ikigusa katikati ya meno. Tofauti iko kooni. Weka vidole viwili juu ya koo na useme *dh* kwa kuivuta: koo linatetema. Sema *th*: halitetemi. Waambie washindani wajaribu wakiwa wamekaa. Ukumbi mzima utajaribu, wazazi wakiwemo, na watoto watakuwa wamepumua kidogo kabla ya kuitwa.

Je, nieleze asili ya neno "tahajia"?

Kwa sentensi moja, inafaa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, kutoka kwenye mzizi unaohusu kutaja herufi moja baada ya nyingine, na hicho ndicho hasa watakachofanya washindani. Usizidishe hapo. Kwa mfano, ni kweli kwamba *dh* yetu moja imepokea herufi tatu tofauti za Kiarabu, ndiyo maana *dhahabu*, *dhamana* na *dhuluma* huanza sawa kwetu ingawa kule zilikotoka haziandikwi kwa herufi moja. Ni jambo tamu la kulizungumza darasani. Katika hotuba ya dakika tatu litameza dakika nzima.

Nitajuaje kwamba mfano wangu haumo kwenye orodha ya shindano?

Usiombe kuonyeshwa orodha. Fanya kinyume chake: mpe jaji mkuu hotuba yako yote siku mbili tatu kabla, naye ailinganishe na orodha yake. Akikuta neno linalogongana, atakuambia "badilisha mfano wa pili", bila kueleza zaidi.

Hili nililijifunza kwa gharama. Mwaka mmoja nilifungua shindano kwa kulieleza neno *taadhima* kwa mapenzi makubwa, herufi kwa herufi, nikionyesha kwamba zile *a* mbili hutamkwa kila moja kwa nafasi yake na kwamba katikati kuna *dh*, wala si *z*. Katika mzunguko wa pili niliona jaji mkuu akimnong'oneza msomaji, karatasi ikageuzwa, neno likarukwa. Baadaye nikaambiwa lilikuwa zamu ya msichana mmoja aliyekuwa amelifanyia mazoezi kwa wiki nzima. Akapewa neno la akiba, akalikosa. Hakuna aliyenilaumu, lakini tangu siku hiyo sisimami mbele ya washindani kabla jaji hajasoma kila mstari.

Kumbuka kwamba orodha inaweza kuwa na neno ulilolitumia kwa kawaida tu, bila kulieleza. Ukisema *heshima* au *shukrani* kwenye salamu hakuna aliyepewa siri, maana hujalitaja kwa herufi. Tatizo huja ukiliandika kwenye bango au ukilitamka herufi kwa herufi.

Na lugha ya hotuba yenyewe? Si inatakiwa iwe ya kupendeza?

Inatakiwa iwe sahihi, na ukiwa sahihi itapendeza. Mtu anayesifu uteuzi wa maneno huku akimwaga maneno yasiyo na kazi anajipinga mwenyewe. Hii hapa sentensi kutoka rasimu ya mzazi mmoja aliyeniomba nimsaidie:

> Kwa hakika siku ya leo ni siku adhimu na muhimu sana ambayo sote kwa pamoja tumekusanyika hapa kwa ajili ya kushuhudia vipaji vya hali ya juu vya watoto wetu hawa wapendwa.

Tuliisoma mara mbili tukauliza kila neno linafanya kazi gani. "Kwa hakika" haikuwa na shaka ya kuiondoa. "Adhimu" na "muhimu" zilibeba mzigo mmoja. "Sote kwa pamoja tumekusanyika" ilisema jambo moja mara tatu. "Vipaji" ilikuwa tatizo la aina yake (tazama swali la vipaji hapa chini). Tulipomaliza ilibaki hivi:

> Leo tumekuja kuwasikiliza watoto waliolifanyia kazi kila neno.

Mzazi yule alihofia imekuwa fupi mno. Nikamwomba aisome kwa sauti, asimame kidogo baada ya "watoto". Akaisoma, akaiacha hivyo.

Methali inafaa?

Moja, kama imeunganishwa na jambo unalolisema. "Haba na haba hujaza kibaba" inakaa vizuri kando ya hesabu ya mazoezi, kama ile ya maneno matano kwa siku iliyo kwenye mfano kamili hapa chini. Methali tatu mfululizo husikika kama mtu anayetafuta cha kusema.

## Kusifu mazoezi ya subira

Nisifu vipi mazoezi bila kurudia "mmejitahidi sana"?

Taja tendo. "Mmejitahidi" haimgusi mtu, kwa sababu inamhusu kila mtu kwa kila jambo. Lakini ukisema, "Najua wapo hapa waliofunika neno kwa kiganja, wakaliandika bila kulitazama, wakafunua na kulinganisha," utaona nyuso zikitabasamu. Wamejitambua.

Njia hiyo yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu wazazi wengi wanadhani mazoezi ni kusoma orodha mara ishirini. Mtoto hutazama neno, hulitamka, hulifunika, huliandika kutoka kichwani, kisha hulinganisha. Akikosea, halifuti lile kosa. Hulichorea mstari na kuandika neno sahihi kando, ili kesho aone palepale alipoteleza. Niliwahi kushika daftari la mvulana wa darasa la tano ambalo neno *dhoruba* lilikuwa limeandikwa mara nne kwa siku nne tofauti: *zoruba*, *dhuruba*, *dhoruba*, *dhoruba*. Katika siku ya pili *z* ilikuwa imeondoka lakini irabu ikawa imeteleza. Ukurasa ule ulinieleza maana ya subira kuliko hotuba yoyote niliyoisikia.

Je, kuna ushahidi wowote kwamba kwenda polepole kunasaidia, au ni maneno ya walimu tu?

Upo, na ni wa zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, akapima ni marudio mangapi yanayohitajika kuzikumbuka tena. Katika jaribio moja, mfululizo wa silabi 12 uliorudiwa mara 68 kwa mkupuo mmoja ulimpa, siku iliyofuata, faida sawa na ile aliyoipata kwa marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu.

Kwa mshindani wa tahajia hii ina maana ya wazi: neno lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, badala ya kulipiga mara hamsini usiku mmoja kabla ya shindano. Katika hotuba unaweza kutaja namba hizo mbili tu, 68 na 38. Usiahidi zaidi ya hapo. Ebbinghaus alikuwa mtu mzima mmoja aliyejipima kwa silabi zisizo na maana, na mtoto mwenye maneno halisi hatapata namba zilezile. Mwelekeo ndio unaobaki.

Kwa nini unasema tusitaje vipaji?

Kwa sababu baada ya nusu saa watoto wengi watakuwa wametoka. Kama umesema shindano linaonyesha wenye vipaji, umewaambia waliokosea neno la kwanza kwamba hawana. Ukisifu mazoezi, aliyetoka mapema ana kitu cha kurudi nacho: daftari lake bado lina maneno aliyoyashinda. Sisemi tufiche kwamba yupo mshindi. Shindano lina mshindi na zawadi, na hilo ni sawa. Nasema hotuba ya ufunguzi isimhukumu mtu kabla hajaitwa.

## Mfano kamili

Naweza kuona hotuba nzima iliyokwisha kuandikwa?

Hii ni ya dakika tatu hivi. Irekebishe kwa majina na kwa tendo uliloliona mwenyewe.

> Mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi, wageni wetu, itifaki imezingatiwa. Washindani, hamjambo?
>
> Nina maneno machache, na yote ni yenu.
>
> Naomba kila mmoja aweke vidole viwili kooni. Hivi. Semeni pamoja nami: *dhamini*. Vuteni ile *dh*. Mnahisi koo linatetema? Sasa semeni: *thamini*. Vuteni ile *th*. Koo limetulia.
>
> Ulimi haukuhama. Meno hayakuhama. Kilichobadilika ni mtetemo mdogo, na neno likawa jingine. Kudhamini ni kusimama nyuma ya mtu. Kuthamini ni kuona kwamba ana thamani. Anayeandika barua akachanganya hayo mawili amesema jambo ambalo hakulikusudia.
>
> Leo mtaitwa mmoja mmoja. Mtalisikia neno. Kabla ya kutaja herufi ya kwanza, jiulizeni: neno hili ni lipi? Kama hamna hakika, ombeni maana. Ombeni sentensi. Kuuliza ni sehemu ya kazi, na majaji wamejiandaa kuwajibu.
>
> Wiki iliyopita nilikaa karibu na mmoja wenu akifanya mazoezi. Sitamtaja. Alifunika neno kwa kiganja, akaliandika, akafunua. Kosa. Akalichorea mstari, akaandika lililo sahihi kando yake, akaendelea. Kesho yake akarudi kwenye neno lilelile. Safari hii alipofunua, hakusema kitu. Aligeuza ukurasa.
>
> Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alipima kumbukumbu yake. Marudio 68 kwa siku moja yalimfaa sawa na marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu. Ninyi mmefanya hivyo bila kuambiwa namba. Maneno matano leo, matano kesho, na yale ya juzi yakirudi.
>
> Wengine mtafika mzunguko wa mwisho. Wengine mtarudi kwenye viti mapema, labda kwa sababu ya irabu moja. Ikitokea hivyo, leo jioni fungueni daftari, liandikeni lile neno, lichoreeni mstari, na kando yake andikeni lililo sahihi. Hilo hamtalikosea tena kwa urahisi.
>
> Wazazi, mtakapopiga makofi, pigeni kwa kila mtoto anayerudi kwenye kiti chake, kwa nguvu ileile.
>
> Sasa namkaribisha msomaji wetu wa maneno atueleze kanuni. Shindano limefunguliwa.

Kwa nini mfano huu hauna shukrani kwa wafadhili na kamati?

Kwa sababu shukrani za majina hupotea zikisemwa wakati watoto wanasubiri kuitwa. Ziweke mwisho wa shindano, pamoja na zawadi. Kama itifaki inalazimu kumtaja mtu mwanzoni, mtaje kwenye salamu, kwa cheo na jina, kisha songa mbele.

## Ukiwa jukwaani

Nina shida ya kutamka dh na th. Nifanyeje?

Fanya mazoezi kwa kidole kooni, kama ilivyoelezwa kwenye swali la mfano wa kuonyesha, siku tatu au nne kabla. Ukiona bado hairidhishi, badilisha jozi: tumia *kata* na *kataa*, ambazo tofauti yake katika maandishi ni irabu moja tu. Mfano usioweza kuutamka utawachanganya washindani, na baadhi yao watakuiga wakiwa mbele ya majaji.

Nisome kwenye karatasi au niseme kutoka kichwani?

Soma, lakini jua sentensi ya kwanza na ya mwisho bila karatasi. Chapa kwa herufi kubwa, na usiruhusu sentensi ivuke kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Kwenye mfano wa jozi weka karatasi chini kabisa, kwa sababu utahitaji mkono wako kooni. Kipaza sauti kishikwe mbali kidogo na mdomo, maana *th* na *s* zikisemwa karibu sana hutoa upepo unaozifanya zifanane, na hapo onyesho lako lote limeharibika.

Nikiteleza nikatamka neno vibaya?

Simama, lirudie sahihi, endelea. Usiombe radhi kwa maneno mengi. Washindani wamekuona ukisahihisha kosa kwa utulivu.

## Hali zisizo za kawaida

Washindani ni wa darasa la kwanza na la pili. Hotuba hii itawafaa?

Ondoa Ebbinghaus na namba zake. Bakiza koo, kiganja na daftari. Dakika moja na nusu inatosha, na jozi iwe ya maneno wanayoyajua: *kalamu* na *karamu* huwachekesha na kuwaingia. Waulize, "Ukialikwa kwenye kalamu, utakula nini?"

Nimeambiwa ratiba imechelewa na nina dakika moja tu.

Kata salamu ndefu, bakiza onyesho la koo na ile aya inayosema "Kabla ya kutaja herufi ya kwanza, jiulizeni: neno hili ni lipi?" Kisha mkaribishe msomaji. Usijaribu kusoma hotuba yote kwa haraka.

Mwanangu ni mmoja wa washindani. Naweza kufungua?

Unaweza kufungua, mradi jaji mkuu ajue na wewe usihusike na orodha wala na uamuzi. Hadithi ya mazoezi utakayoisimulia isiwe ya mwanao. Hata usipomtaja, wenzake watamjua, naye atapanda jukwaani akiwa na mzigo ambao wengine hawana.

Mzazi akinijia baada ya hotuba akibisha kwamba neno fulani lina tahajia mbili?

Huenda ana haki. Yapo maneno yanayoandikwa kwa namna mbili. Lakini hilo si la msemaji wa ufunguzi. Mwelekeze kwa jaji mkuu, ambaye anapaswa kuwa ametaja kwenye kanuni kamusi moja itakayotumika kuamua. Kama unaona kanuni hazikutaja kamusi yoyote, mnong'oneze jaji kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu baada ya mtoto kutolewa kwa neno lenye tahajia mbili, kumrudisha ukumbini ni kazi ngumu zaidi.

Naombwa nifungue na vilevile niwe msomaji wa maneno. Kuna tatizo?

Tatizo liko kwenye orodha: ukiwa msomaji umeshaiona, na mfano utakaouchagua unaweza kuvutwa na ulichokisoma bila wewe kujua. Andika hotuba yako kwanza, mkabidhi jaji, ndipo upokee orodha. Na ukimaliza hotuba, kaa chini kwa dakika moja kabla ya kurudi kusoma kanuni. Watoto wanahitaji kusikia kwamba sauti iliyokuwa ikiwasifu sasa inawapa maneno.